Neema ni ya Bure: Bure Gani?



Muhubiri wa Karavia akitaka kueleza neema, husema upesi: "Ni kitu cha bure." Lakini bure ina maana mbili: kisicholipiwa, na kisicho na faida, kama tunavyosema "nimetembea bure". Biblia yetu inaitumia pande zote mbili. Warumi 3:24, tunahesabiwa haki bure. 1 Wakorintho 15:10, neema kwa Paulo haikuwa bure. Msikilizaji ashike lipi?

Katika Kigiriki maneno ni mawili: pale dorean, kwa zawadi, hapa kene, tupu. Walakini dorean hiyo hiyo, katika Wagalatia 2:21, ni kufa bila faida. Basi shida si ya Kiswahili peke yake. Ni maneno ya jirani yanayoamua.

Kwa Warumi tuseme "bila sisi kulipa". Kwa Wakorintho, "haikukosa matunda". Tena tutoe mfano: mwenye duka akikufutia deni, wewe hulipi, lakini yeye amepoteza mali yake. Tukiacha sehemu hiyo ya pili, mtu atarudi nyumbani akidhani msalaba haukugharimu kitu.

Amina.