Sigara Moja ya Kibandani

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusu sigara kuuzwa mojamoja, lakini kuanzia hapa Pumwani hadi Gikomba unazipata hivyo. Ndiyo maana wengi hujiambia, "Nimepunguza, siku hizi ni moja tu."

Mishipa haihesabu hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Moshi kidogo tu hukaza mishipa na kuifanya damu igande upesi.

Anayeacha kabisa huanza kufaidika mapema. Katika siku moja au mbili, hewa ya sumu ya kaboni hutoka kwenye damu. HDL, yaani kolesteroli nzuri inayosaidia kuondoa mafuta mishipani, huanza kupanda ndani ya wiki chache. Katika utafiti wa huko Wisconsin, Marekani, HDL ya walioacha kwa mwaka mzima ilipanda kwa takriban asilimia 5, hata kwa walioongeza uzito. Kolesteroli mbaya haikushuka, kwa hiyo mwenye dawa zake asizitupe. Mishipa nayo ilitanuka vizuri zaidi.

Baada ya mwaka huo, hatari ya ziada ya moyo huwa imepungua kwa karibu nusu. Iliyobaki huchukua miaka mingi.

Ndugu yangu, hiyo moja ya leo, usiinunue.