Kura ya Mshauri

Wengi hudhani mshauri wa mahakama ya mwanzo Tanzania ni mzee wa kupamba benchi. Sivyo. Kwa miaka mingi hakimu alikaa na washauri wasiopungua wawili, na walipotofautiana, walio wengi ndio walioamua. Wawili sisi tuliweza kumshinda hakimu. Ndiyo maana najiuliza: yale ninayoyajua mtaani niyapeleke wapi?

Chukulia kesi ya mbuzi. (Natunga, tuliyojadili faragha siwezi kuyasimulia, hata kijiweni.) Mlalamikaji anasema mbuzi ni wake, sikio lina mkato. Mshtakiwa anasema alimnunua mnadani. Mtaa mzima unasema kijana huyo ni mwizi, nami naishi mtaa huohuo. Lakini mtaa haukuapa, na kijana hawezi kuuhoji. Kwa hiyo naushika ushahidi tu, namuuliza mlalamikaji: huo mkato uliutaja kabla ya kuonyeshwa mbuzi, au baada? Akijibu baada, alama hiyo haina uzito kwangu. Mbuzi akishasimama mbele yako, hata mgeni ataliona sikio. Kama hakuna ushahidi mwingine, nasema hana hatia, huku moyoni bado namshuku. Hapo ndipo kazi inapouma.