Boma Moja, Mifumo Mitatu

Mwaka 1990 Gøsta Esping-Andersen alizipanga nchi 18 tajiri katika makundi matatu kwa swali moja: mtu anaweza kuishi kwa heshima kiasi gani bila kuuza nguvu zake sokoni? Marekani humsaidia hasa aliyethibitishwa kuwa maskini, Ujerumani hulipa kwa kadiri ya michango ya mfanyakazi, na Uswidi humpa kila mwananchi haki ileile. Majibu aliyapima kwa pensheni, malipo ya ugonjwa na malipo ya kukosa kazi.

Lakini mkulima wa mahindi wa ekari tatu karibu na Kitale, Kenya, hana mwajiri wa kumfuta. Magunia ya chakula anayaweka ghalani, mengine anauza apate karo. Kenya haina bima ya kukosa kazi, kwa hiyo kipimo cha Esping-Andersen kingemhesabu kama mtu asiye na kinga, ilhali ghala ni kinga yake. Serikali nayo humfikia kupitia mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 uliuzwa Sh2,500. Jeremy Seekings aliipa mifumo inayomlinda mtu kwa kulinda shamba lake kundi la peke yake, na naona yeye ndiye aliyekaribia zaidi. Ila ruzuku hiyo ni ya mwenye shamba. Kibarua anayempalilia haionji.

Bungoma ina jambo lingine. Mfanyakazi wa Pan Paper pale Webuye alikatwa michango ya NSSF na NHIF, mtindo unaokaribia wa Kijerumani. Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa, mshahara ukakoma, na michango ikakoma nao. Aliyekuwa na shamba nyumbani alikuwa na pa kurudi. Asiye nalo akategemea ndugu. Ian Gough na Geof Wood walieleza mwaka 2004 kwamba kinga ya namna hii ina bei yake: anayekulipia hospitali leo atakudai utii kesho, na kuachana naye ni kubaki bila kinga.

Lakini hata wao wanapanga nchi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tazama boma moja tu. Bibi wa miaka 72 asiye na pensheni, kwenye karatasi, anastahili Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango uliowafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018. Mwanawe mwalimu anangoja pensheni ya kazi yake. Mjukuu ni kibarua. Kila mmoja angeangukia kundi lake, na bado wote wanakula kutoka chungu kimoja, na zile elfu mbili, zinapofika, hununua sare ya shule.

Kwa hiyo swali la Esping-Andersen libaki, makundi yaachwe. Atakayelinganisha aanze na siku mtu anapougua: nani analipa, na anadai nini? Kwa kibarua asiye na shamba wala ndugu mwenye mshahara, jibu ni moja Kitale na Bungoma: asipofanya kazi, hali.