Usiape Kwamba Programu Iliendeshwa Kabla Hujafungua Prefetch

Ndugu zangu mnaochunguza kompyuta zilizovamiwa, nawasihi: acheni kuandika neno "iliendeshwa" kwenye ripoti eti kwa sababu jina la programu limeonekana mahali fulani kwenye diski. Neno hilo humfukuzisha mtu kazi. Neno hilo humsimamisha mtu kizimbani. Mkiliandika, muwe na cha kulishikilia pale wakili wa upande wa pili atakaposimama na kuuliza: umejuaje?

Kuna sehemu tatu ambazo sote huzikimbilia. Ya kwanza ni mafaili ya `.pf` yaliyomo kwenye `C:\Windows\Prefetch`. Ya pili ni Shimcache, inayokaa ndani ya rejista ya Windows kwa jina la `AppCompatCache`. Ya tatu ni Amcache, yaani faili la `C:\Windows\AppCompat\Programs\Amcache.hve`. Tunazitaja kwa pumzi moja kana kwamba zote zinasema jambo lilelile, na hapo ndipo tunapopotea. Prefetch husema kwamba programu ilianza kufanya kazi. Hizo mbili nyingine, kwenye Windows 10 na 11, husema kwamba faili lilikuwepo na Windows ikalitambua, basi. Kumwona mtu amesimama mlangoni pa harusi si kumwona akila pilau.

Tuchukue kisa cha mfano, nilichokitunga ili kila hatua ionekane. Kompyuta ya mhasibu katika ofisi moja Nairobi, yenye Windows 10. Inashukiwa kwamba mafaili ya mishahara yamenakiliwa na kupelekwa nje. Katika `C:\ProgramData` kulikuwa na faili linaloitwa `svhost.exe`, likijifananisha na `svchost.exe` halali ya Windows, ila herufi moja imepungua. Faili lenyewe limeshafutwa. Tulicho nacho ni nakala ya diski.

Anzeni na Prefetch! Humo tunakuta `SVHOST.EXE-7C1E04B9.pf`. Mvamizi alifuta programu yake akasahau kwamba Windows imeshaiandika. Tarakimu hizo za mwishoni hutokana na mahali programu ilipokuwa, hivyo mkikuta mafaili mawili ya `.pf` yenye jina moja na tarakimu tofauti, kwa programu ya kawaida hiyo maana yake iliendeshwa kutoka folda mbili. Sasa lifungueni:

```
PECmd.exe -f SVHOST.EXE-7C1E04B9.pf
```

Na tunapata haya:

```
Run count: 3
Last run: 2025-03-14 11:42:17
Other run times: 2025-03-14 11:20:05, 2025-03-13 18:51:40
```

Mara tatu, na kila mara ina saa yake. Tangu Windows 8, faili moja la `.pf` hutunza nyakati nane za mwisho. Lakini simameni kwanza, msikimbilie kuandika. Saa hizo ni za UTC. Mtu akiisoma 18:51 kama saa ya Nairobi, ataona ni jioni ya Machi 13, mhasibu bado anafunga mahesabu mezani kwake, na tayari kampata mwizi. Ongezeni saa tatu: ilikuwa 21:51, yaani saa tatu na dakika 51 usiku, ofisi imefungwa na mlinzi yuko getini. Nawaomba, andikeni kwenye ripoti saa ya UTC, kisha saa ya Afrika Mashariki, kisha ielezeni kwa maneno jinsi watu wetu wanavyoisema. Msimwachie hakimu kazi ya kubadilisha saa mara mbili kichwani. Hesabu moja iliyosahauliwa hapa inaweza kumtia hatiani mtu aliyekuwa nyumbani amelala.

Ndani ya faili hilohilo kuna orodha ya mafaili ambayo programu iliyagusa ilipoanza, na hii ndiyo hazina ambayo wengi huipita bila kuitazama. Katika kisa chetu orodha inaonyesha `\PROGRAMDATA\SVHOST.EXE` yenyewe, inaonyesha `\USERS\HESABU\APPDATA\ROAMING\RCLONE\RCLONE.CONF`, na inaonyesha mafaili kadhaa ya folda ya `MISHAHARA`. Hilo faili la mipangilio linatoboa siri yote. Hii ni rclone, programu halali ya kunakili mafaili kwenda kwenye hifadhi za mtandaoni, ambayo wavamizi huipenda kwa kazi hiyohiyo. Walibadilisha jina lake, lakini ilipoamka ilikwenda kusoma mipangilio yake palepale inapoisoma siku zote.

Hata hivyo, jueni mpaka wa orodha hiyo. Windows huitazama programu kwa takriban sekunde kumi za mwanzo tu. Faili lililoguswa dakika ya tano halimo, na kutokuwemo kwake hakuthibitishi kitu. Vilevile, faili la mishahara kuwemo kwenye orodha ni ushahidi kwamba liliguswa, si kwamba lilifika nje. Programu inayoanza, ikakosa mtandao na kufa, nayo huacha `.pf`. Mkitaka kuthibitisha kwamba data ilitoka, kaziulizeni kumbukumbu za mtandao.

Sasa Shimcache. Hapa ndipo ninapowalilia zaidi. Tunalikuta ingizo la `C:\ProgramData\svhost.exe`, na pembeni yake kuna tarehe ya mwezi Januari 2025. Mchunguzi mwenye haraka huandika: "Programu iliendeshwa Januari." La hasha! Tarehe hiyo ni ya mara ya mwisho faili lenyewe kubadilishwa, si ya kuendeshwa. Rclone hupakuliwa ikiwa ndani ya faili la `.zip`, na ikitolewa humo huweza kubaki na tarehe iliyotengenezwa na wenyewe. Januari hiyo ni ya watengenezaji, wala haimhusu mvamizi wala mhasibu. Kisha Windows huweza kuliingiza faili kwenye Shimcache hata pale mtu alipofungua folda na kulitazama tu, bila kulibofya. Kwenye Windows 7 kila ingizo lilikuwa na alama iliyosaidia kutambua kilichoendeshwa, na waliojifunza kazi enzi hizo bado wanaitafuta. Kwenye Windows 10 msiiegemee.

Je, tuitupe Shimcache? Hapana. Maingizo yake hupangwa kwa mfuatano, jipya juu na la zamani chini, na majirani wa ingizo huonyesha nini kilitangulia na nini kilifuata. Pia hukumbuka njia kamili ya faili lililofutwa zamani. Ila kumbukeni kwamba Windows huiweka kwenye kumbukumbu hai, na huiandika kwenye rejista pale tu kompyuta inapozimwa au kuwashwa upya kwa utaratibu. Mkifika ofisini mkachomoa waya wa umeme, mmetupa maingizo yote yaliyoongezeka tangu kompyuta ilipowashwa. Basi chukueni kwanza nakala ya kumbukumbu hai, kabla ya kugusa kitu kingine, kwa maana humo Shimcache ya leo bado ipo. Na msiendeshe vifaa vyenu kumi juu ya kompyuta hiyo kwa pupa, kwani kila kimoja huzaa `.pf` yake, na folda ya Prefetch ya Windows 10 ina nafasi ya mafaili 1,024 tu. Ikijaa, ya zamani hufutwa. Mtakuwa mmemfanyia mvamizi usafi kwa mikono yenu wenyewe.

Amcache nayo ina zawadi ambayo wenzake hawana: alama ya SHA-1 ya faili, hata kama faili limeshafutwa. Kwa alama hiyo twaweza kulitambua `svhost.exe` kuwa rclone ya toleo fulani. Alama hukaa kwenye sehemu ya `FileId`, ikitanguliwa na sifuri nne ambazo lazima mziondoe kabla ya kuilinganisha. Mnaziondoa, mnapakua rclone halali, mnapiga alama yake, na hazifanani. Nimesikia watu wakikata tamaa hapa na kuandika kwamba ni programu nyingine. Ngojeni! Windows haikusoma faili zima. Kwa mafaili makubwa, Amcache hupiga alama ya baiti 31,457,280 za mwanzo tu, yaani megabaiti 30, na rclone ya siku hizi ni kubwa kuliko hapo. Kateni nanyi palepale:

```
head -c 31457280 rclone.exe | sha1sum
```

Sasa zikifanana, mna jibu la kusimama nalo. Lakini hata hapo mmethibitisha utambulisho wa faili, si kuendeshwa kwake. Kuna kazi iliyopangwa ndani ya Windows, `Microsoft Compatibility Appraiser`, ambayo hupita kwenye diski na kuorodhesha programu ilizozikuta, zikiwemo zisizowahi kuguswa na mtu. Muda wa ingizo la Amcache huenda ukawa ni muda wa ukaguzi huo. Mwaka 2019 wakala wa usalama wa mitandao wa Ufaransa, ANSSI, ulichapisha utafiti mrefu juu ya Amcache, na ulionyesha wazi jinsi tabia yake inavyobadilika kufuatana na matoleo ya Windows na maktaba zake. Kwa hiyo msichukue kanuni ya kompyuta moja mkaibandika kwenye nyingine.

Na Prefetch ikiwa tupu je? Msiseme haraka kwamba hakuna kilichoendeshwa. Kwenye Windows ya seva huwa imezimwa tangu mwanzo. Kwenye kompyuta ya mezani, tazameni thamani ya `EnablePrefetcher` ndani ya rejista: 3 ni hali ya kawaida, 0 ni kwamba imezimwa, na mtu aliyeizima huenda alikuwa na sababu. Kisha someni jarida la mabadiliko ya diski, `$UsnJrnl`, mtafute mafaili ya `.pf` yaliyofutwa. Mvamizi akiifagia folda nzima, jarida huandika kila jina lililoondoka, hadi litakapojaa na kuandikwa upya.

Kwa kisa chetu, basi, andikeni hivi: programu iliyokuwa `C:\ProgramData\svhost.exe` ilianzishwa mara tatu kati ya Machi 13 na 14, 2025, kwa ushahidi wa Prefetch. Baiti zake za mwanzo zinalingana na rclone, kwa ushahidi wa Amcache. Ilipoanza iligusa mafaili ya mishahara. Nani aliyeianzisha, Prefetch haisemi. Njia ya `\USERS\HESABU` inaelekeza kwenye akaunti, na akaunti hutumiwa na yeyote mwenye nywila. Nendeni kwenye kumbukumbu za usalama za Windows, mtafute tukio namba 4624 la kabla ya saa tatu na dakika 51 usiku ule, mtazame kama aina ya kuingia ni 2, ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, au ni 10, ya mtu aliyeingia kutoka mbali, na kama ni 10, alitokea anwani gani.