Siku Isiyo na Matanga

Tukifiwa hapa Kenya, tunajua la kufanya. Kundi la WhatsApp linafunguliwa siku hiyo hiyo, mweka hazina anachaguliwa, na watu wanatuma M-Pesa na kuandika "poleni" mpaka simu inapata moto. Kuna mikutano ya jioni, kuna mazishi, na Pwani kuna hitima na arobaini. Mwaka ukiisha, wenye uwezo wanaweka picha gazetini. Siku hizi zote zinahesabiwa kuanzia kifo. Hakuna inayohesabiwa kuanzia kuzaliwa.

Sababu si ngumu kuiona. Wazee wetu wengi walijua msimu waliozaliwa, au njaa ya mwaka huo, lakini tarehe hawakuijua. Ndiyo maana vitambulisho vingi vya wazee vinasema 1 Januari. Sherehe ya kuzaliwa ilitujia na shule na keki, na mila haijapata muda wa kutufundisha tufanye nini mwenye keki akishaondoka. Kwa hivyo siku hiyo ikifika, aliyefiwa huwa peke yake nayo.

Rafiki yangu alimzika mdogo wake akiwa na miaka 28. Wiki hii angetimiza 31. Swali langu ni dogo lakini limenikalia kooni: nimwandikie, ama nimwache?

Wengi watasema umwache. Ati utamtonesha kidonda. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, lakini inadhani kwamba dada mtu amesahau, na ni ujumbe wangu utakaomkumbusha. Hajasahau. Ameiona tarehe hiyo ikija tangu mwezi uanze. Pengine hata Facebook itamwambia amtakie ndugu yake heri, hasa ikiwa hakuna mtu aliyeomba akaunti ya marehemu igeuzwe kuwa ya ukumbusho. Asichokijua ni kama kuna mwingine anayekumbuka. Nikinyamaza, ninayelindwa ni mimi, nisikutane na machozi yake.

John Mbiti, mwanafalsafa wetu kutoka Kitui, aliandika katika kitabu chake cha 1969, *African Religions and Philosophy*, kwamba aliyekufa hatoki mara moja kwenye Sasa kwenda Zamani. Maneno hayo mawili aliyachukua kwenye Kiswahili. Kwa maelezo yake, marehemu anabaki ndani ya Sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akiondoka, naye anaingia Zamani. Si lazima ukubali picha yote ya Mbiti ili uone uzito wa jambo moja hapo: kumtaja mtu kwa jina ni kazi, na kazi hiyo haiwezi kuachiwa dada mmoja.

Lakini siku ya kifo nayo si tunaikumbuka? Tunaikumbuka, ndio, na hapo ndipo tofauti ilipo. Siku hiyo mazungumzo yote yanarudi hospitalini, kwenye bili na simu ya saa nane usiku. Wiki tatu za mwisho zinameza miaka 28. Siku ya kuzaliwa inamrudisha akiwa mzima, na vituko vyake.

Kwa hivyo nitaandika, tena jioni ya kuamkia siku yenyewe, ili ujumbe usimkute katikati ya mkutano kazini. Nitaandika hivi:

"Dadangu, najua kesho ni siku ya nani. Leo nimemkumbuka akibishana na kondakta juu ya shilingi kumi mpaka matatu nzima ikawa upande wake. Nilicheka peke yangu. Usijisumbue kujibu. Kesho jioni niko, ukitaka kuongea ama kunyamaza."

Jina lake nitaliandika pale; hapa nimelihifadhi. Sitasema yuko mahali pema, kwa sababu dada mtu anajua mahali alipopungua ni mezani kwao. Sitauliza "uko aje?", maana swali linadai jibu, na jibu ni mzigo. Wala sitahesabu miaka 31. Hesabu hiyo ni yake. Akitaka kumkuza nduguye kila mwaka, ama kumwacha pale pale kwenye 28, si langu kumchagulia.

Kuna mtu ambaye siku hiyo anataka ipite kimya, na akikwambia hivyo, mwaka unaofuata umheshimu. Lakini kimya alichokiomba ni kitu kimoja. Kimya tulichomwamulia sisi, bila kumuuliza, ni kitu kingine kabisa.