Uzio wa Ng'ombe Haumzuii Mbuzi

Mfugaji mmoja wa Kongwa alitaka kuzungushia mbuzi wake eneo la mita 50 kwa 50. Dukani aliuliza bei ya wavu wa waya kwa mita 200, akashtuka, akanunua seng'enge. Nguzo alikata za mkaratusi mbichi, akazichimbia kila baada ya mita 4, akapitisha nyuzi nne. Mzee wa jirani, mfugaji wa ng'ombe, alipita akamwambia, "Mwanangu, huo ni uzio wa ng'ombe." Kijana akamshukuru, akaendelea kukaza waya.

Mzee alisema kweli. Ng'ombe akichomwa na mwiba hurudi nyuma, lakini mbuzi huinama na kujipenyeza kati ya nyuzi, na wadogo hupita chini kabisa. Mtama wa jirani ukaliwa mara mbili, fidia ikalipwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mbuzi jike mmoja alichanika kiwele, jeraha likaoza, na watoto wake wakakosa maziwa.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa ardhini. Nguzo ya mbao isiyotiwa dawa huanza kuoza pale inapokutana na uso wa udongo, ambapo unyevu, hewa na mchwa huwa pamoja. Juu huonekana nzima. Ukitaka kujua hali yake, fukua kidogo shinani uchome kwa kisu. Kikizama bila nguvu, nguzo imekwisha. Mwaka wa tatu nguzo za kijana zilikuwa zinaanguka kwa kusukumwa na mbuzi, huku waya wenyewe ukiwa haujapata kutu ya maana.

Ndiyo maana nasema hata wavu usingemwokoa juu ya nguzo zile, kwa kuwa ni mzito zaidi. Wavu hufaa mbuzi kweli, mradi matundu ya chini yawe madogo. Mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa kwenye tundu kubwa akashindwa kukitoa. Lakini wavu unadai nguzo zilizotiwa dawa, na za pembeni zitegemezwe kwa mihimili, la sivyo hulegea.

Mvua zilipofika kijana alipanda vipandikizi vya minyaa kando ya seng'enge, kimoja kila sentimita 30, karibu 670 kwa mzunguko wote. Vilitoka kwenye ua wa jirani bila malipo. Gharama yake ilikuwa jasho na subira: ua huchukua miaka kadhaa kufunga, lazima ukatwe juu ili utoe matawi chini, na utomvu wake ukiingia machoni huumiza vibaya.

Kama fedha zako ni chache, nunua wavu wa kutosha zizi la usiku tu, kisha panda minyaa msimu uleule unaochimbia nguzo, usingoje zianze kuanguka.