Je, Mkono Unaotetemeka Husema Kweli?

Filamu ya The Blair Witch Project, iliyotoka Marekani mwaka 1999, huanza kwa maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Maandishi hayo yanadai kwamba mnamo Oktoba 1994 wanafunzi watatu walipotea katika msitu ulio karibu na Burkittsville, jimbo la Maryland, walipokuwa wakirekodi filamu ya hali halisi, na kwamba mwaka mmoja baadaye picha zao zilipatikana. Mji wa Burkittsville upo kweli. Yaliyobaki ni ya kubuni: hakuna aliyepotea, wala hakuna kilichookotwa. Swali ninalotaka kulijadili ni kama maneno hayo ni uongo, au ni hadithi tu kama hadithi nyingine zote.

Jibu jepesi ni kwamba ni hadithi, na hadithi haina kosa. Lakini msimuliaji wetu anaposema "Paukwa" nasi tukajibu "Pakawa", tumekubaliana tangu mwanzo kwamba kinachofuata si ushahidi. Filamu za aina hii, ambazo nitaziita filamu za mkanda uliookotwa, hazituombi tuitikie. Zinajitahidi kuficha kwamba kuna msimuliaji. Kuna atakayesema kwamba waandishi wa riwaya nao wamedai kwa muda mrefu kwamba wameokota barua au shajara ndani ya sanduku. Ni kweli, ila barua hupita kwanza katika akili ya aliyeiandika, nasi tunajua kwamba mtu anaweza kuandika asichokiona. Picha iliyorekodiwa tunaichukulia kama unyayo kwenye matope. Hakuna aliyeutunga unyayo. Upo kwa sababu mtu alipita. Na picha inapotikisika, imani yetu huzidi, kwa sababu tunajiambia kwamba mtu mwenye nia ya kutudanganya angejitahidi kuipiga vizuri.

Hapo ndipo waongozaji Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walipofanya kazi yao. Hawakumwajiri mpiga picha hodari na kumwambia atikise kamera. Waliwapa kamera waigizaji wenyewe: Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael Williams. Moja ilikuwa kamera ya video ya kawaida, ya rangi, kama zile ambazo familia zilirekodia harusi siku hizo. Nyingine ilikuwa kamera ya filamu ya milimita 16, isiyo na rangi. Kisha, Oktoba 1997, wakawapeleka msituni kwa siku nane. Waigizaji walipewa kifaa cha kuwaelekeza njia kwa satelaiti, na kila walipofika mahali walipopangiwa walikuta betri, chakula na vijikaratasi vya maelekezo. Kila mmoja alisoma chake peke yake, kwa hiyo hakuna aliyejua mwenzake ameambiwa afanye nini. Mazungumzo waliyabuni papo hapo. Kadiri siku zilivyopita chakula kilipunguzwa, na ugomvi unaousikia katika filamu una njaa ya kweli ndani yake. Aliyetaka kuacha kuigiza kwa muda alikuwa na neno moja la kuwaambia wenzake, "taco".

Tuitazame sehemu moja. Usiku, watatu hao wamelala hemani. Nje zinasikika sauti za watoto, ambazo waongozaji walizicheza kutoka kwenye mkanda, kisha hema linatikiswa kwa nguvu. Wanatoka mbio gizani. Taa ya kamera inamulika majani, mgongo wa mtu, ardhi, kisha giza. Heather anapiga kelele akiuliza kile anachokiona ni kitu gani. Sisi hatukioni. Katika mpango wa waongozaji, tulipaswa kukiona: mmoja wa wafanyakazi wao alikuwa amesimama kando akiwa amevaa nguo nyeupe tupu na soksi nyeupe ndefu aliyojifunika usoni, na kamera ilitakiwa kugeuka upande wake. Katika mbio zile haikugeuka. Nadhani bahati hiyo ndiyo iliyoiokoa filamu. Mtu mwenye soksi usoni angechekesha baada ya sekunde mbili. Kelele ya mtu aliyeona kitu ambacho kamera ilikikosa haichekeshi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kinachotisha ni mtikisiko wenyewe. Mtikisiko peke yake huumiza kichwa, basi; wapo watazamaji waliotapika. Tena ipo filamu ya Paranormal Activity ya mwaka 2007, ambayo Oren Peli aliipiga nyumbani kwake San Diego kwa takriban dola 15,000. Sehemu zake za kutisha zaidi ni zile ambazo kamera imewekwa juu ya miguu mitatu chumbani, wapenzi wawili wamelala, na kamera haitikisiki hata kidogo. Inatisha vilevile. Lazima basi kuwe na jambo linaloziunganisha kamera hizi mbili, inayokimbia na isiyosogea.

Naona ni hili: zote mbili hazijui. Katika filamu ya kawaida kamera inajua kabla yetu. Ikimwacha mwanamke anayezungumza ikaugeukia mlango uliofungwa, tunajua mlango utafunguliwa. Ikikaa juu kidogo ya bega la mtu na kuacha nafasi tupu nyuma yake, tunajua nafasi hiyo itajazwa. Tunaogopa, ndiyo, lakini tunaogopa tukiwa tumeshikwa mkono na mtu anayeijua njia. Kamera ya mkanda uliookotwa haitushiki mkono. Ile ya msituni hufika imechelewa: sauti inatoka kushoto, nayo inageuka sauti ikiwa imekwisha. Ile ya chumbani haigeuki kabisa hata kitu kikitembea ukumbini. Kazi ya kutafuta hatari inabaki kwa mtazamaji, naye hutafuta kila mahali, kwenye kila kivuli na kila kona, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pa kutazama. Mwenzangu mmoja aliiona The Blair Witch Project katika kibanda cha video hapa Kampala, ikiwa na vijei, yule mtu anayetafsiri na kueleza filamu kwa kipaza sauti inapoendelea. Hakuogopa hata kidogo. Vijei alikuwa akimweleza kila mara nini kinakuja, na palipokuwa kimya alipajaza kwa mzaha. Msimuliaji aliyefukuzwa mlangoni alikuwa amerudi kupitia dirishani.

Hata bila vijei, msimuliaji hayuko mbali. Ukitaka kumtambua, usiangalie mtikisiko, angalia mahali picha inapokatwa. Waigizaji walileta takriban saa 20 za picha. Filamu ina dakika 81. Ni nani aliyechagua? Kama mkanda uliokotwa tu, ni nani aliyeziunganisha kamera mbili hadi tukaruka kutoka ya rangi hadi isiyo na rangi katikati ya ugomvi mmoja? Ona pia mwisho. Mike anashuka ghala la chini la nyumba bovu akiwa na kamera ya video, kitu kinamwangusha. Heather anakuja nyuma na kamera ya filamu, ambayo hairekodi sauti. Tunaona anachokiona Heather, lakini tunasikia kinachosikika katika kamera iliyoanguka chini: mayowe yake yanatoka mbali, kisha yanakaribia kadiri anavyoshuka ngazi. Ni jambo la akili sana, nami bado linanisisimua. Lakini halitokei lenyewe. Mtu alikaa mezani akaweka sauti hii juu ya picha ile.

Je, huo ni uongo? Ndani ya ukumbi, nasema hapana. Mwishoni yanapita majina ya waliotengeneza filamu, na atakayesoma ataelewa kwamba aliyepotea alilipwa kupotea. Ninakubali udanganyifu huo kama ninavyokubali kiinimacho. Shaka yangu inaanza nje ya ukumbi.

Kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, tovuti yake iliisimulia habari ya wanafunzi hao kama tukio la kweli. Watu waligawiwa matangazo ya kutafuta waliopotea. Kwenye orodha ya waigizaji mtandaoni, wale watatu waliandikwa kuwa wamepotea na huenda wamekufa. Hayakuwa majina ya wahusika wa kubuni. Katika filamu Heather anaitwa Heather Donahue, na mama yake mzazi alipokea kadi za rambirambi za binti aliyekuwa hai. Filamu ilipokuwa ikielekea kukusanya karibu dola milioni 248 duniani, walioipiga kwa mikono yao walitakiwa wasionekane, maana kuonekana kwao kungeharibu biashara. Mwaka 2024 watatu hao walitoa barua ya wazi wakiiomba kampuni inayomiliki filamu iwalipe haki zao. Ili kifo kiaminike, watu walio hai walifichwa. Hapo sioni tena kiinimacho, kwa sababu anayekatwa kwa msumeno jukwaani ameridhia na hupigiwa makofi usiku uleule.

Atakayenipinga anaweza kusema kwamba walitia sahihi. Walitia, lakini sahihi ya mwigizaji asiyejulikana, mbele ya filamu ambayo hakuna aliyetarajia ingefika popote, naipima kwa uzito mdogo. Tena mama hakutia sahihi yoyote.

Kisa hiki kilikuwa na mtangulizi wake Italia. Mwaka 1980 Ruggero Deodato alitoa Cannibal Holocaust, filamu ya kundi la wapiga picha wanaouawa Amazoni na mikanda yao kupatikana baadaye. Waigizaji walikuwa wamekubaliana naye wasijitokeze hadharani kwa mwaka mmoja. Serikali iliikamata filamu, na mwongozaji akashukiwa kuua watu kweli. Ilibidi waigizaji watafutwe waonekane wazima, naye akaeleza jinsi alivyomfanya mwanamke aonekane amechomwa kwa mti kutoka chini hadi mdomoni: aliketi juu ya kiti cha baiskeli kilichofungwa kwenye chuma, akashika kipande cha mti mwepesi kwa meno. Wanyama, hata hivyo, waliuawa kweli mbele ya kamera.

Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia filamu hii. Ndani yake kuna sehemu nyingine fupi, inayodaiwa kuwa kazi ya awali ya wapiga picha hao, yenye picha za watu wakipigwa risasi na askari. Picha hizo ni halisi. Ni watu waliouawa kweli, zikachukuliwa zikatiwa humo. Na baada ya kuzionyesha, mhusika mmoja anaeleza kwamba yote yale yalipangwa, kwamba askari walilipwa waigize. Vifo vya uongo vikaitwa vya kweli, vya kweli vikaitwa maigizo, ndani ya filamu moja. Waigizaji wa Deodato waliweza kuletwa wakathibitisha kwamba wako hai. Waliofungwa mbele ya bunduki hawakuwa na wa kumwita, na hadi leo mtazamaji anayeiamini filamu hiyo anaambiwa kwamba walinyanyuka wakaenda zao.